Barua ya safari ya mtoni: ilivyokataliwa, ilivyoandikwa upya, ilivyopokelewa

Mazingira ya kisa

Kisa hiki kilitokea katika shule ya sekondari ya kutwa ya serikali, pembezoni mwa jiji la Mwanza. Nimeondoa jina la shule, kata, mto na mwaka, kwa sababu mto wenyewe ni mfupi na ukitajwa tu shule itajulikana papo hapo. Mimi nafundisha jiografia shule ya jirani. Mwalimu mwenzangu alinipa barua zote mbili alizowaandikia wazazi pamoja na majibu waliyorudisha, na siku ya safari nilikwenda naye kama msimamizi wa ziada. Yeye na mkuu wake wa shule wameridhia kisa hiki kiandikwe ili walimu wengine wakitumie.

Darasa lilikuwa la Kidato cha Tatu, wanafunzi 38. Mada ilikuwa kazi ya mto: unavyochimba, unavyobeba na unavyotua mashapo kuanzia chanzo hadi mdomo. Wanafunzi walikuwa wamenakili michoro yote ubaoni, bonde jembamba la juu, mikunjo ya katikati, tambarare ya chini, lakini hakuna aliyewahi kuufuata mto mmoja tangu unapoanza hadi unapoishia. Wengi wao huvuka mto huohuo kila asubuhi wakija shule.

Mwalimu alikuwa na mito mitatu ya kuchagua. Simiyu ndio mkubwa na ndio unaofanana zaidi na kitabu, lakini unatoka nyanda za Serengeti na kuingia Ghuba ya Speke upande wa Magu, kwa hiyo kwa siku moja ungeona daraja moja tu na mchanga. Mirongo unakatiza katikati ya jiji. Kingo zake zimebanwa na majengo, na kuufuata maana yake ni kuvuka barabara kubwa na watoto 38. Akachagua mto mdogo wa jirani na shule, unaoanzia kwenye vilima vya mawe, ukapita mashambani na mitaani, kisha ukaingia Ziwa Victoria. Urefu wake ni kama kilomita 6. Mtoto anaweza kutembea kutoka chanzo hadi mdomo na akarudi nyumbani kabla ya jioni.

Nakubaliana na uchaguzi huo moja kwa moja. Mto mfupi una kasoro zake, lakini mwanafunzi anauona mzima.

Barua ya kwanza na majibu yake

Barua ya kwanza ilitoka katikati ya Machi, na safari ilipangwa wiki ya pili ya Aprili. Sehemu yake kubwa ilisomeka hivi:

> YAH: ZIARA YA MAFUNZO YA JIOGRAFIA
>
> Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Uongozi wa shule unapenda kukujulisha kuwa wanafunzi wa Kidato cha Tatu watafanya ziara ya mafunzo ya kufuatilia mwenendo wa mto ili kukidhi matakwa ya mtaala na kuinua kiwango cha taaluma. Kila mwanafunzi anatakiwa kuchangia Sh 8,000 kwa ajili ya usafiri na mahitaji mengineyo. Wanafunzi watakuwa chini ya uangalizi wa walimu muda wote. Ushirikiano wako ni muhimu. Jaza sehemu ya chini na kumpa mwanafunzi airudishe kabla ya Ijumaa.

Ni barua ya adabu na haina kosa la lugha. Shule nyingi huandika hivyohivyo, na ukiipeleka kwenye ofisi ya elimu hakuna atakayeirudisha. Ijumaa ilipofika, vikaratasi 14 vilirudi vikiwa vimesainiwa na 5 vikiwa na neno “Sikubali”. Wazazi 19 hawakujibu kabisa.

Mwalimu hakukimbilia kuwalaumu wazazi kwamba hawajali elimu. Alichukua vile vikaratasi 5 na kuvisoma kimoja kimoja, kisha akawauliza wanafunzi wa wale 19 kilichosemwa nyumbani. Majibu yalijikusanya kwenye mambo matatu.

La kwanza lilikuwa fedha, na hili ndilo lililowanyamazisha wengi. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, neno “mchango” kwenye barua ya shule ya serikali husomwa kwa macho makali. Mzazi aliona “Sh 8,000” na “mahitaji mengineyo”, akajiuliza hayo mengineyo ni yapi. Mama mmoja anayeuza dagaa alimwambia mwanawe amuulize mwalimu kama asiye na hela atabaki darasani akiadhibiwa. Barua haikuwa na jibu, na mtoto aliona haya kuuliza.

La pili lilikuwa maji. Wazazi wa kando ya ziwa wanakijua kichocho. Watoto wao wamemezeshwa vidonge vya kichocho shuleni zaidi ya mara moja, na wanajua ugonjwa huo huingia kwa kugusa maji. Wakisoma “kufuatilia mwenendo wa mto” wanamwona mtoto yumo majini hadi magotini. Wawili walitaja mamba.

La tatu liliandikwa na mzee mmoja ambaye kiwanja chake kinapakana na mto. Kikaratasi chake kilikuwa na mistari minne nyuma yake, kwa kalamu ya risasi:

> Mwalimu, Aprili msiende. Huu mto hauji na mvua ya kwetu, unakuja na mvua ya kule mlimani. Huku jua linawaka na maji yanafika kifuani. Nenda mwezi wa sita.

Katika karatasi zote za kisa hiki, hiyo ndiyo ninayoithamini zaidi. Vilima vya Mwanza ni mwamba wa matale ulio wazi, na udongo uliopo kati ya mawe ni mchache. Mvua ikinyesha pale hainyonywi, inateleza yote kwenye vijito kwa pamoja. Mto mdogo wa namna hiyo hujaa kwa muda mfupi na kupungua kwa muda mfupi, na aliye chini karibu na ziwa anaweza asione wingu lolote. Mwalimu alikuwa amefundisha jambo hilo darasani akiliita mtiririko wa juu ya ardhi. Mzee alilijua kwa tarehe, kwa mahali na kwa kimo cha maji.

Maamuzi yaliyofanyika

Mwalimu alikwenda kwa mzee huyo akifuatana na mkuu wa shule. “Shikamoo mzee, tumekuja kwa sababu ya barua yako,” ndivyo alivyoanza, na walikaa hapo mpaka jua likakaribia kuzama. Walitoka na mambo yafuatayo.

Safari ilisogezwa hadi wiki ya kwanza ya Juni. Masika huwa yamekwisha, lakini mto bado una maji ya kupima. Agosti usingekuwa na kitu cha kuonyesha zaidi ya madimbwi. Pamoja na hayo waliweka sharti kwamba ikinyesha vilimani usiku wa kuamkia safari, safari inaahirishwa bila mjadala. Mzee aliwaeleza dalili anazozitazama yeye: maji yanayogeuka ghafla kuwa ya kahawia, vijiti na povu vinavyoanza kupita, na mlio wa mto unaobadilika kabla maji hayajapanda. Ukiona mojawapo, watoto wote wanapanda juu ya ukingo, na kazi ya kituo hicho imeisha.

Basi la kutwa liliondolewa. Watoto wangekwenda kwa miguu na kurudi kwa kosta moja itakayofanya safari mbili, kwa kuwa watoto 38 na walimu hawaenei kwenye kosta bila kujazana. Hesabu ikawa Sh 90,000 za kosta na Sh 24,000 za maji ya kunywa, jumla Sh 114,000. Ukigawa kwa 38 unapata Sh 3,000. Tepu, kamba na mti wa kupimia kina vilikuwepo shuleni au vilitengenezwa.

Jambo la kitaaluma ndilo lililohitaji kufikiriwa zaidi. Vipimo vya mto, kama vitabu vinavyoeleza, vinamtaka mwanafunzi aingie majini na rula. Mwalimu aliamua kwamba hakuna atakayegusa maji, kisha akatafuta njia ya kupata takwimu zilezile akiwa mkavu. Alipata daraja la waenda kwa miguu lililo katikati ya mto, mahali ambapo maji yapo mstari mnyoofu. Ukiwa juu ya daraja unapima upana kwa tepu, unateremsha mti wenye alama za sentimita mahali patano ili kupata kina, kisha unatupa limau upande wa juu na kuhesabu sekunde linazotumia kupita mita 10 zilizopimwa ukingoni. Limau linafaa kuliko chupa tupu kwa sababu sehemu kubwa yake inazama, kwa hiyo linasukumwa na maji na si upepo.

Mwenyekiti wa mtaa alipewa taarifa ili watu wa kando ya mto wasishangae kundi la watoto kwenye bustani zao, na ofisi ya elimu ya wilaya ikapelekewa nakala pamoja na maombi ya kibali cha mchango.

Barua ya pili

Niliisoma kabla haijatoka. Naiweka hapa karibu yote, kwa sababu namna ilivyopangwa ndiyo kiini cha kisa.

> YAH: SAFARI YA WATOTO WETU KUFUATA MTO KUTOKA VILIMANI HADI ZIWANI
>
> Ndugu mzazi au mlezi,
>
> Mwezi wa tatu nilikuandikia kuhusu safari hii, na baadhi yenu mlinijibu mkanieleza hatari ambazo barua ile haikuzigusa. Nashukuru. Safari imepangwa upya kwa kufuata mliyosema. Ninaandika tena ili ujue mtoto wako atakuwa wapi kila saa.
>
> Tutakutana shuleni saa moja asubuhi na kutembea hadi vilimani, mahali mto unapoanzia kati ya mawe. Tutakuwa hapo saa mbili. Watoto watachora bonde na kupima mawe yaliyo kwenye ukingo mkavu.
>
> Saa nne tutakuwa kwenye bustani za mchicha, chini ya mlima. Hapo wataona ukingo unaoliwa na maji na ukingo unaoongezeka mchanga.
>
> Saa tano na nusu tutakuwa kwenye daraja la miguu. Watapima upana, kina na mwendo wa maji wakiwa juu ya daraja. Daraja lina kizuizi pande zote mbili, na watapanda watoto wanane kwa zamu pamoja na walimu wawili.
>
> Saa saba tutafika karibu na ziwa. Tutasimama kwenye ardhi kavu, juu ya eneo la mafunjo, umbali wa hatua zisizopungua 30 kutoka majini. Hatutateremka ufukweni, kwa sababu ya kichocho na kwa sababu ya mamba. Saa nane kosta itaturudisha shuleni, na saa tisa mtoto ataruhusiwa kuja nyumbani.
>
> Hakuna mtoto atakayeingia majini, hata unyayo. Ikitokea mtoto ameteleza akalowa, nitakujulisha siku hiyohiyo, na nitakukumbusha kumpeleka kituo cha afya kupimwa kichocho baada ya wiki 6 hadi 8. Akipimwa mapema zaidi ugonjwa unaweza usionekane.
>
> Ikinyesha mvua vilimani usiku wa kuamkia safari, hatutakwenda. Mtoto atakuja shule kama kawaida.
>
> Gharama ni Sh 3,000: Sh 90,000 za kosta na Sh 24,000 za maji ya kunywa, zimegawanywa kwa watoto 38. Mchango huu ni wa hiari. Mtoto ambaye mzazi wake hana atakwenda kama wenzake, na jina lake halitatajwa popote. Mtoto avae viatu vya kufunika mguu, kofia au mtandio, na abebe chakula chake.
>
> Naomba unijibu mambo mawili hapa chini. Je, unakubali mtoto wako aende? Je, kuna jambo lolote la afya yake, au jambo unalolijua kuhusu mto huu, ambalo ningepaswa kulijua? Kama ni rahisi kwako kusema kuliko kuandika, nipo shuleni Jumatano na Alhamisi kuanzia saa tisa alasiri.

Barua ilisomwa darasani kwa sauti kabla ya kugawiwa. Mwalimu alifanya hivyo kwa kujua kwamba nyumba nyingine mtoto ndiye msomaji, na mtoto asiyeelewa barua huifupisha kuwa “wanataka hela”. Ukiijaribu mwenyewe kwa sauti utaona inasomeka kama mtu anayeongea. Ile ya kwanza mtoto anakwama kwenye “kukidhi matakwa ya mtaala”.

Vikaratasi 35 vilirudi na ruhusa. Mzazi mmoja alikataa kwa sababu za familia, na wawili hawakurudisha. Watoto wao walibaki shuleni na kazi ya ramani ya mto huohuo. Wazazi 8 walikuja wenyewe Jumatano na Alhamisi. Fedha zilizopatikana zilikuwa Sh 93,000, na upungufu wa Sh 21,000 ulilipwa na kamati ya wazazi.

Swali la mwisho lilileta vitu viwili ambavyo mwalimu asingevipata kwa njia nyingine. Mama mmoja alieleza kwamba binti yake ana selimundu na hapaswi kutembea mbali wala kukaa bila maji. Darasani hakuna aliyejua. Alipelekwa kwa pikipiki hadi darajani, akiwa na ndugu yake mkubwa, na akawa mtunza saa wa vipimo vyote. Mzazi mwingine, anayechimba mchanga wa kujengea, alionya kwamba chini ya bustani kuna mashimo ya wachimbaji ambayo yamejaa maji na yanaonekana kama ardhi tambarare kwa sababu ya majani yanayoelea. Mwalimu alikwenda kuyaona siku mbili kabla, akahamisha njia kwenda ukingo wa pili.

Siku yenyewe

Sitaeleza kila kituo. Kilichozaa somo zaidi ni daraja na mdomo.

Darajani upana wa maji ulikuwa mita 2.4. Vina vitano vilitoa wastani wa sentimita 15, yaani mita 0.15, kwa hiyo eneo la maji yaliyokatwa na daraja ni mita za mraba 0.36. Limau lilipita mita 10 kwa sekunde 25 kwa wastani wa mitupo sita, sawa na mita 0.4 kwa sekunde. Maji ya juu huenda kasi kuliko ya chini yanayosuguana na sakafu ya mto, kwa hiyo mwalimu aliwaambia wazidishe kwa 0.85, wakapata 0.34. Ukizidisha eneo kwa mwendo unapata kama mita za ujazo 0.12 kwa sekunde. Namba hiyo iliwaacha wanafunzi kimya mpaka msichana mmoja alipoigeuza kuwa lita 120, akasema, “Ndoo sita, mwalimu. Kila sekunde ndoo sita.” Tulisimama tukitazama maji membamba yanayopita chini ya miguu yetu, na kila mtu akawa anahesabu ndoo. Nimefundisha mada hii miaka mingi na sijaona darasa likielewa ujazo wa mto namna ile.

Mtupo mmoja kati ya sita ulichukua sekunde 41. Limau lilikuwa limekwama kwenye mzunguko wa maji nyuma ya jiwe. Wanafunzi walitaka kuuhesabu, mwalimu akawauliza wameona nini, wakakubaliana kuufuta na kutupa upya, na wakaandika sababu. Hilo ni la kufundisha: mtupo haufutwi kwa kuwa haufanani na mingine, unafutwa kwa kuwa umeona kilichotokea.

Mdomoni limau lilikataa kabisa. Mwalimu alilitupa yeye mwenyewe, kutoka kwenye ukuta wa mawe unaoingia kidogo mtoni, akiwaacha watoto pale walipoahidiwa kusimama. Baada ya dakika nne lilikuwa limesogea hatua chache, kisha likaanza kurudi. Ilikuwa saa saba na nusu, na upepo wa ziwani ulikuwa umeanza kuvuma kuelekea nchi kavu. Hapo njia ya limau inafikia mwisho wake, kwa kuwa mteremko umekwisha, ziwa linayazuia maji ya mto, na upepo una nguvu kuliko mkondo. Lakini jambo hilohilo lilieleza tope laini na mafunjo vilivyokuwa mbele yetu. Maji yaliyosimama huachia kile ambacho mto ulikuwa ukibeba. Juu kule vilimani walipima mawe ya ukubwa wa kiganja, darajani ulikuwa mchanga wa chengachenga, hapa ni tope ambalo ukilisugua vidoleni husikii punje. Mwalimu alikuwa ametoa kiasi cha tope kwa chepe yenye mpini mrefu siku iliyotangulia na kuliacha likauke juani, wakalishika likiwa kavu.

Kilichofanya kazi na kilichopungua

Watu wakinisikia nikisimulia kisa hiki hudhani barua ya pili ilipita kwa sababu bei ilishuka. Bei ilisaidia, lakini haielezi yote: kati ya wale watano waliokataa kwa maandishi mara ya kwanza, hakuna hata mmoja aliyetaja fedha. Walitaja maji na mvua, na wanne kati yao walisaini mara ya pili. Kilichowageuza ni kwamba barua ilimweka mtoto mahali panapojulikana kila saa. Mzazi wa pale anakijua kila kituo kilichotajwa. Ukimwambia “uangalizi wa walimu muda wote” hana cha kupima. Ukimwambia watoto wanane kwa zamu juu ya daraja lenye kizuizi, analiona lile daraja, anaamua.

Vilevile ahadi zilikuwa za aina inayoweza kukaguliwa. “Hatua 30 kutoka majini” ilimbana mwalimu pale mdomoni, ambapo watoto waliomba sana kusogea. Alikataa kwa kusema, “Nimewaandikia wazazi wenu,” na mabishano yakaisha. Barua ya ahadi za jumla haimsaidii mwalimu akiwa peke yake na watoto walio na hamu.

Swali la mwisho kwenye kikaratasi lilikuwa na thamani kuliko saini zote. Ninasisitiza lile la pili, “jambo unalolijua kuhusu mto huu”. Fomu nyingi za shule huuliza afya. Chache humuuliza mzazi habari za mahali, ilhali mchimba mchanga anaijua sakafu ya mto huo kuliko mwalimu yeyote wa jiografia.

Mambo mawili yalipungua, na yote yalikuwa kwenye barua. La kwanza ni muda wa kurudi. Iliandikwa saa tisa, lakini kosta ilifanya safari mbili na kundi la pili lilifika saa kumi na robo. Wazazi kadhaa walikuwa getini, mmoja akiwa ameanza kuulizia njiani kwa simu. Mpango wa safari mbili ulijulikana tangu mwanzo, hesabu ya fedha ilijengwa juu yake, lakini barua haikuutaja. Baada ya kumweleza mzazi kila saa, saa moja isiyoelezwa inatisha zaidi kuliko ingekuwa kwenye barua isiyotaja saa yoyote.

La pili ni zito zaidi. Barua haikusema neno lolote kuhusu choo, na njia nzima kati ya vilimani na daraja haina choo cha umma. Wavulana walijipotezea vichakani. Wasichana waliacha kunywa maji. Tulilitambua darajani, tulipoona chupa za wasichana wengi bado zimejaa saa tano na nusu kwenye jua kali, na mmoja akalalamika kichwa kinamuuma. Mama mwenye nyumba karibu na daraja alifungua choo chake, msururu ukapangwa, na kazi ya daraja ikachelewa nusu saa. Wasichana wawili walikuwa kwenye siku zao na walisema baadaye kwamba nusura wasije. Mwalimu wa kike aliyefuatana nasi alikuwa na pedi kwenye mkoba wake, lakini hakuna aliyejua anazo.

Kwa darasa la mwaka unaofuata, mwalimu ameongeza aya mbili kwenye barua. Nimeziona zikiwa kwenye rasimu:

> Watoto watarudi kwa makundi mawili. Kundi la kwanza litafika shuleni saa tisa, la pili saa kumi na nusu. Kikaratasi ulichobaki nacho kinaonyesha mtoto wako yuko kundi gani.
>
> Kuna vyoo sehemu tatu: shuleni kabla ya kuondoka, kwenye nyumba mbili karibu na bustani ambazo tumekwisha kuzungumza na wenyewe, na kwa jirani wa daraja. Mwalimu wa kike atakuwa na pedi, na wasichana wataambiwa hivyo darasani kabla ya siku.